Mfereji umeandikwa 1/2 lakini konekta ya hafu inakataa: kisa cha picha ya kutoka Luanda

Kuna mwalimu mmoja wa Luanda, ile ya Vihiga kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, alinunua mashini ya kufua nguo na akataka kuiunganisha kwa mfereji wa ukutani juu ya sinki ya jikoni. Mpira uliokuja na mashini ukakataa. Akaenda hadwea ya karibu akauziwa konekta ya shaba, nayo ikakataa, ndio akanitumia picha kwa wasap na maneno haya: "Fundi habari za asubuhi, nitafutie hapo Kisumu konekta inayoingia hapa, nimeshachoka na huku."

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, vile watu wote hupiga. Mfereji mzima, sinki, sahani mbili chafu, dirisha limewaka nyuma, na mdomo wa mfereji umeangalia chini kwa giza. Inaonyesha mfereji unakaa aje lakini haionyeshi saizi, kwa sababu hakuna kitu hapo ambacho mimi najua urefu wake. Sinki inaweza kuwa kubwa au ndogo, tailsi pia ziko saizi mingi. Lakini kulikuwa na vitu viwili vya maana. Kwa mwili wa mfereji mtu angezumu angeona maandishi yaliyotoka na kiwanda, 1/2, na chini yake PN16. Na pale mdomoni kulikuwa na thredi kwa nje, iko uchi, yaani kitu fulani kilikuwa kimefungwa hapo na kikatolewa.

Nitaanza na hayo maandishi kwa sababu ndio yalimpoteza mtu wa hadwea, na simlaumu, wengi wangefanya vile. PN16 si saizi. Hiyo ni presha ambayo mfereji umetengenezewa kubeba, bar 16, na nimeshaona mtu akiingia dukani Kibuye kuitisha "konekta ya kumi na sita". Ile 1/2 ndio saizi, mifereji mingine huandikwa 15 mahali pa 1/2 na 20 mahali pa thrikwota, yaani 3/4, ni kitu kile kile. Sasa shida ni kwamba hiyo saizi ni ya mkia, pale mfereji unaingia ukutani. Haisemi chochote kuhusu mdomo. Mkia lazima ufuate mabomba ya nyumba kwa hivyo kiwanda kinauandika, mdomo kiwanda kinaufanya kivyake. Ile mifereji ya nje ya kufunga mpira, ile ya muundo wa Kiingereza, mkia wake ni hafu lakini thredi ya mdomo ni thrikwota. Mfereji mmoja, saizi mbili, na iliyoandikwa ni moja.

Kwa hivyo jamaa wa hadwea alipoonyeshwa picha akaona 1/2, akatoa adapta ya hafu ya kike, yaani thredi kwa ndani, upande mmoja na thrikwota ya kiume, thredi kwa nje, upande ule mwingine, maana mpira wa mashini ya kufua huwa na nati ya thrikwota ya kike. Ukiamini kwamba mdomo ni hafu basi hio adapta ndio yenyewe kabisa. Mdomo ndio haukuwa hafu.

Madam, yule mwalimu, naye alikuwa ameshapima na rula ya shule. Aliniandikia kwamba mdomo ni sentimita 2 na kitu, kama 2.2, "hii si ni karibu inchi moja fundi?" Hapa ndipo watu wengi hupotea kwa sababu majina ya thredi za bomba hayafuati rula. Thredi inaitwa hafu inchi, ukiipima kwa nje inatoka milimita 21, na hafu inchi ya rula ni kama 12.7 tu. Thrikwota kwa nje ni milimita 26.4, yaani imepita hata inchi moja ya rula, na ndio maana mtu anapima mfereji wa nje anapata 2.6, anaenda kununua fitingi ya inchi moja na inaning'inia. Inchi moja ya ukweli ya bomba iko milimita 33 na kidogo. Majina yalitoka kwa tundu la mabomba ya chuma ya zamani, tundu ndio lilikuwa linaitwa hafu, thredi ilichongwa nje kwa ukuta wa bomba kwa hivyo lazima iwe kubwa kushinda jina lake. Kwa hivyo ukinipa namba niambie ni milimita ngapi ulipima na ulipima wapi, nje ya ya kiume ama ndani ya ya kike, usinigeuzie kwa inchi. Madam alifanya vizuri kunipa 2.2 yenyewe kabla ya kusema inchi.

Kabla sijaitisha picha ingine nikamuuliza swali moja ambalo ni bora kushinda picha saa zingine: hizo vitu zilikataa *aje*? Kwa sababu kukataa kuko kwa aina nyingi. Akasema nati ya mpira inapanda yote mpaka juu bila kushika, ukiachilia inaanguka, na ile adapta ya shaba haianzi kabisa, imekaa tu kwa mdomo wa thredi hata haijageuka.

Hapo nikaanza kuona. Nati ya thrikwota ya kike, ukipima ndani kutoka kwa ncha ya jino mpaka ncha ya jino la upande wa pili, ni kama milimita 24. Ikiwa inapita bila kushika basi hiki kitu cha kiume ni chini ya 24. Adapta ya hafu ya kike nayo, pale kwa bonde la thredi yake ambako ndio kupana zaidi, ni kama 21. Ikiwa haianzi hata kidogo basi hiki cha kiume ni zaidi ya 21. Katikati ya 21 na 24 kwa thredi za bomba tunazotumia huku hakuna kitu unaweza kupata kwa rafu ya kawaida. Kuna saizi inaitwa faivu eiti, iko karibu na 23, lakini hio kwa mdomo wa mfereji wa jikoni sijawahi kuikuta. Kilichobaki ni thredi ya milimita, ile ya vichujio vya mdomoni, M22, yaani upana wa milimita 22.

Kama angeniambia adapta inaingia raundi moja na nusu halafu inakaza, ningeenda upande mwingine kabisa, hapo ningeshuku uchafu, chokaa ya maji, jino limevunjika au thredi ya Kimarekani. Kwa hivyo hili swali la imekataa aje usiliruke, na kama wewe ndio unatuma picha liandike bila kuulizwa.

Lakini kushuku si kununua, na yeye yuko Luanda mimi niko Kisumu, kitu kikirudi ni matatu tena. Nikaitisha picha ya pili na nikampa masharti, na haya masharti ndio kazi yote ya hii biashara.

La kwanza, piga kutoka kwa upande. Usipige kutoka mbele ukiangalia tundu wala kutoka juu, simu iwe usawa na thredi ndio meno yaonekane kwa pembeni kama mstari wa kupanda na kushuka. La pili, safisha thredi na mswaki wa zamani na siki kama kuna ile chokaa nyeupe, na utoe tepu kama ipo, maana tepu huficha meno. La tatu, weka kitu chenye urefu unaojulikana, kiguse thredi yenyewe, kisiwe mbele na kisiwe nyuma yake. Wengi huweka shilingi, si mbaya, lakini shilingi ni ndogo na sarafu zetu ziko za zamani na za sasa. Mimi huitisha kadi. Kadi ya benki, ya nchi yoyote, ni milimita 85.6 kwa 54, na ile plastiki kubwa ambayo laini ya simu hutolewa ni saizi hio hio. Mwambie mtu atumie hio ya laini ama ageuze ya benki na afunike namba, si vizuri picha ya kadi yako ya benki izunguke kwa simu za mafundi. Angalia tu isiwe ile plastiki ndogo iliyokatwa nusu, siku hizi zipo.

La nne, usikaribie sana. Watu hufikiria ukikaribia ndio inaonekana vizuri, kumbe ukikaribia kosa linaongezeka. Tuseme simu iko sentimita 30 kutoka kwa kadi na thredi imetokeza mbele ya kadi kwa sentimita 2. Thredi itaonekana imekua kwa asilimia 7, hafu ya 21 itatoka 22 na nusu na utaapa ni M22. Rudi nyuma mpaka urefu wa mkono, halafu zumu. Kosa linapungua lakini haliishi, na ndio maana kadi lazima iguse thredi.

Madam akapiga vizuri, akashikilia plastiki ya laini kwa mkono mmoja. Nikaweka rula juu ya skrini ya simu yangu, nimezumu mpaka upande mfupi wa plastiki ukawa milimita 60 kwa skrini. Upana wa thredi ulikuwa 24 na nusu. Upande mfupi kwa ukweli ni 54, kwa hivyo kila milimita ya skrini ni 0.9 ya ukweli, na 24.5 mara 0.9 inatoka 22. Sasa tuwe wakweli, rula juu ya kioo inakosea nusu milimita bila shida, na kidole chake kilikuwa kimesukuma plastiki nyuma kidogo. Hio 22 inaweza kuwa 21, inaweza kuwa 23. Haiwezi kuwa 26.4. Picha ya kadi inatosha kabisa kutenganisha hafu na thrikwota, kwa sababu tofauti yao ni kama robo nzima ya hafu. Kutenganisha hafu ya 21 na M22 haitoshi, tofauti ni milimita moja na picha ina kosa la milimita moja.

Kwa hivyo hapa unaachana na kadi unahesabu meno. Hii ndio njia napenda kushinda zote kwa sababu haihitaji kadi, haihitaji kujua umbali wala zumu. Unalinganisha thredi na yenyewe: upana wake umebeba nafasi ngapi za jino mpaka jino. Kwa hafu jino linakuja kila milimita 1.8, na upana ni 21, kwa hivyo upana umebeba nafasi kama 11 na nusu. Kwa thrikwota jino ni lile lile la 1.8 lakini upana ni 26.4, inabeba karibu 14 na nusu. Kwa M22 ya vichujio jino linakuja kila milimita 1, kwa hivyo upana umebeba 22. Kati ya 11 na 22 hakuna mtu atakosea hata na picha ya simu ya zamani, na hata kama thredi iko mbali na kadi haijalishi kwa sababu meno na upana viko pamoja.

Nikazumu picha ile ile mpaka plastiki ikatoka nje ya skrini. Upana wa thredi ukawa milimita 62. Meno yaliyoonekana yalikuwa sita. Kutoka ncha ya la kwanza mpaka ncha ya la sita ilikuwa milimita 14, na meno sita yana nafasi tano katikati, si sita, hapo ndipo hesabu ya wengi huharibikia. 14 gawanya kwa 5 ni 2.8. 62 gawanya kwa 2.8 ni 22. Kama ingekuwa hafu ningepata nafasi ya milimita 5.4 kwa skrini, karibu mara mbili. Basi hio ni M22, jino la milimita 1, na hata bila hesabu ukishaona moja utajua, meno yake ni membamba yamebanana sana, ya hafu ni manene unayahesabu na kucha.

Kuna kitu hii njia haiwezi na nisikudanganye. Thrikwota na inchi moja zinabeba karibu nafasi sawa, zote 14 na kitu, kwa sababu inchi moja jino lake pia limekua mpaka 2.3. Hapo lazima urudi kwa kadi, na kadi itakuambia vizuri kwa sababu 26 na 33 ziko mbali. Na hafu yetu na hafu ya Kimarekani hazitenganishwi na picha yoyote, meno ni 14 kwa inchi kwa zote mbili na tofauti iko kwa pembe ya jino, yetu digrii 55 na yao 60. Hio utaijua tu ikianza kuingia vizuri halafu inakaza mapema na inavuja hata uweke tepu roli nzima. Lakini mpira wa bustani uliotumwa na shemeji kutoka Amerika unakamatika, nati yake wanaiita thrikwota pia lakini thredi ya kiume inayoingia hapo ina upana wa 27 na meno 11 na nusu tu kwa inchi, ukigawanya inabeba 12 badala ya 14 na nusu.

Sasa tumejua mdomo ni M22 ya kiume. Kwa nini M22? Kwa sababu hapo palikuwa na kile kichujio cha kulainisha maji, chenye wavu ndani, na nilipomuuliza madam akakumbuka kwamba wapangaji waliokuwa hapo kabla yake walikitoa kwa sababu kilikuwa kinaziba. Mifereji ya jikoni yenye thredi kwa nje ya mdomo mara nyingi ni M22, na ile yenye thredi kwa ndani hubeba kichujio cha kiume cha M24. Kwa hivyo hata kabla ya kupima, ukiona mfereji wa sinki wenye shingo inayozunguka na thredi nyembamba mdomoni, usifikirie hafu. Fikiria kichujio.

Hapa mtu angesema kazi imeisha, tafuta adapta ya M22 ya kike kwenda thrikwota ya kiume, funga, maliza. Adapta hio iko, si kila hadwea lakini ukizunguka utaipata. Mimi nilikataa kumnunulia, na sababu haihusu thredi.

Mashini ya kufua ina valvu yake ndani, inafungua na kufunga maji yenyewe. Ukiiunganisha mdomoni, mfereji lazima ukae wazi muda wote wa kufua. Valvu ya mashini ikifunga, maji yanasimama na presha yote ndani ya shingo ya mfereji. Hio shingo inayozunguka imekaa juu ya raba ndogo ambazo zimetengenezewa maji yanayopita na kutoka nje, mdomo ukiwa wazi presha hapo karibu haipo. Weka presha ya kusimama kila siku na itaanza kutoa machozi pale shingo inaingilia mwili, na siku moja shingo inaweza kuchomoka uko shule na nyumba inajaa. Kwa mpira wa kuosha gari, unasimama hapo unaona, sawa, tumia adapta. Kwa mashini inayofanya kazi na wewe uko mbali, hapana.

Kwa hivyo swali likageuka. Si mdomo tena, ni mkia. Tutoe mfereji ukutani, tuweke tii ya shaba ya hafu ambayo mguu mmoja ni wa kiume unaingia ukutani, mbele yake kuna ya kike ambapo mfereji unarudi, na tawi la pembeni la kike ambapo tunafunga valvu ya mashini ya kufua, ile yenye mkia wa hafu ya kiume na mdomo wa thrikwota ya kiume. Mdomo huo ndio nati ya mpira inakaa bila adapta yoyote.

Mkia umefichwa na ile sahani ya kromu inayofunika tundu la ukuta, lakini maandishi ya 1/2 sasa ndio yanatusaidia, maana ya mkia ndio yale. Bado sikutaka kuamini maandishi peke yake kwa sababu mafundi wengine hufunga bushi, kile kipande cha kupunguza saizi, ndani ya ukuta. Nikamwambia afunge geti valvu ya tanki, asiguse mfereji, avute tu sahani mbele na apige picha na plastiki imegusa mkia. Yalionekana meno mawili matatu yamezungushiwa tepu nyeupe, meno ya kuhesabu hayakutosha. Lakini hapa kadi inatosha, kwa sababu tunachagua kati ya hafu na thrikwota tu. Upande mfupi 60 kwa skrini, mkia kama 23 na kitu, mara 0.9 ni 21. Na nyuma yake ukutani ilionekana ile elbo ya kijani ya plastiki ya PPR yenye shaba ndani, na mkia umeingia moja kwa moja bila bushi. Hafu, tumemaliza.

Nilimwandikia hivi ili akionyesha mtu yeyote wa hadwea asiulizwe mara mbili, na we unaweza kunakili: "Tii ya shaba hafu, mguu mmoja kiume miwili kike. Valvu ya mashini ya kufua, kuingia hafu kiume, kutoka thrikwota kiume. Tepu nyeupe." Ona kwamba kila upande umetajwa saizi na umetajwa kiume ama kike. Ukisema tu "tii ya hafu" utapewa ya kike pande zote tatu na itabidi ununue nipo, kile kipande chenye kiume pande zote mbili, na nipo inausukuma mfereji mbele zaidi mpaka maji yanamwagikia ukingo wa sinki. Na kabla hujalipa, ingiza valvu kwa tii na vidole hapo dukani. Iingie raundi mbili tatu laini halafu ianze kukaza. Ikiingia yote kwa vidole mpaka mwisho, ama ikatae raundi ya kwanza, rudisha hapo hapo.

Vitu vilifika na matatu, fundi wa huko Luanda akavifunga. Jioni madam akanitumia picha ingine, tone linatoka kwa nati ya mpira, na nati yenyewe imezungushiwa tepu mpaka imevimba. Hapo tepu haisaidii. Pale mkia wa valvu unaingia kwa tii thredi ndio inaziba kwa hivyo tepu ni lazima, zungusha kufuata upande wa kufunga. Lakini nati ya mpira wa mashini thredi yake kazi yake ni kuvuta tu, kinachoziba ni raba bapa iliyo ndani ya nati inayobanwa kwa mdomo wa valvu. Nikamwuliza raba iko? Haikuwa. Alipotikisa katoni ya mashini ikaanguka kutoka kwa kona. Wakatoa tepu yote, raba ikaingia, nati ikafungwa na mkono na robo raundi ya spana, tone likaisha.

Mdomo wa mfereji bado uko na thredi uchi, maji yanaruka kwa sinki. Akitaka kichujio chake aitishe cha kike M22, na kama mtu wa duka hajui M22 ni nini amwambie kile kinachofunga kwa nje ya mdomo, si kile cha kuingia ndani.